Njaa ya mazoezi huchelewa, zawadi huwahi

Mtu anayeanza mazoezi baada ya miaka mingi ya kukaa huambiwa mengi kuhusu viatu, maji na maumivu ya misuli, lakini ni nadra kuambiwa kwamba njaa yake nayo itabadilika, na kwamba mabadiliko hayo hayatamjia katika saa anayoyatazamia. Hapa Bombo, mji ulio kiasi cha kilomita 35 kaskazini mwa Kampala katika barabara iendayo Gulu, tuna kikundi cha watu wazima kinachotembea na kukimbia alfajiri, nami nilisomea ualimu wa michezo, kwa hiyo ndiye ninayekiongoza. Wamo walimu, wachuuzi wa sokoni, askari wastaafu na mafundi, na wengi wao wamevuka miaka 35. Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kuliko yote halihusu magoti wala pumzi. Watu huniambia: "Mwalimu, tangu nianze kukimbia ninakula kuliko zamani, na mizani haishuki."

Ninalichukulia lalamiko hilo kwa uzito, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu nyumbani. Mtu huyu anaamka gizani, anatoka jasho, anatumia wakati ambao angeutumia kwa shughuli nyingine, kisha baada ya miezi miwili suruali inabana zaidi ya ilivyobana mwanzoni. Akikata tamaa hapo sioni kosa lake. Nimewasikiliza wengi wa aina hii, nikawauliza wamekula nini na saa ngapi, na jambo lililojitokeza ni kwamba wanabeba mizigo miwili tofauti kwa pamoja. Mmoja ni njaa halisi ya mwili, ambayo huja kwa kuchelewa. Mwingine ni desturi ya kujizawadia chakula mara tu mazoezi yanapomalizika, yaani katika saa ambayo mwili haujaomba kitu.

Nianze na saa hiyo. Mtu anapokimbia kwa nguvu, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli na kwenye ngozi, na tumbo hubaki na damu kidogo. Wakati huohuo homoni iitwayo grelini, ambayo hutoka tumboni na kuamsha hamu ya kula, hushuka, na homoni za utumbo zinazoleta shibe hupanda. Matokeo yake ni kwamba hamu ya chakula hufifia wakati wa mazoezi, na hubaki chini kwa muda wa kama nusu saa hadi saa moja baada ya kumaliza. Kwa anayetembea tu, athari hii ni ndogo mno, lakini hata yeye matembezi hayamwongezei njaa papo hapo. Ukitaka kuhakikisha, muulize mtu aliyemaliza kukimbia kilomita tano dakika hii kama angependa sahani ya posho na maharagwe. Atakuangalia kwa mshangao. Atakunywa maji, ataketi, atajipangusa uso, lakini posho hataitaka.

Hata hivyo, mtu huyohuyo dakika chache baadaye husimama mbele ya sigiri la muuza chapati akiagiza roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, na soda baridi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kama angekuwa na njaa, posho na maharagwe yangempendeza pia. Anachokitaka ni kitu chenye jina na mahali pake, kitu alichokipanga moyoni tangu kilomita ya tatu, wakati miguu ilipoanza kuwa mizito na akajisemea kwamba akimaliza atakula. Ahadi hiyo ndiyo iliyomfikisha mwisho, na sasa anajilipa.

Siidharau ahadi hiyo, kwa sababu inafanya kazi. Mwanzoni mazoezi ni machungu, faida zake ziko mbali, na chakula kiko karibu. Tatizo ni bei yake, na bei hiyo watu wengi hawaioni kwa sababu kazi ya kukimbia huonekana kubwa sana machoni pa anayeifanya. Mwaka 2010 watafiti wa Ottawa, Kanada, walichapisha jaribio dogo ambamo watu wa uzito wa kawaida walitembezwa kwenye mashine hadi wakatumia kalori 200 siku moja na 300 siku nyingine, kisha wakaulizwa wanadhani wametumia ngapi. Walikisia mara tatu hadi nne ya kiasi halisi. Walipopewa chakula na kuombwa wale kiasi kinacholingana na kile walichokitumia, walikula mara mbili hadi tatu yake. Hawakuwa walafi, maana waliombwa kufanya hesabu nao wakaifanya kwa uaminifu. Jasho na pumzi ndivyo vilivyowadanganya.

Kwa hiyo mimi huwafanyia watu wangu hesabu hiyo wazi, chapati ikiwa mbele yetu. Ninaposema kalori ninamaanisha zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Kukimbia humgharimu mtu takribani kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, iwe anakimbia polepole au haraka. Kutembea hugharimu kama nusu ya hapo, ukiondoa kile ambacho mwili ungekitumia hata kama ungekuwa umekaa. Anayechanganya, akitembea kidogo na kukimbia kidogo kama wafanyavyo wageni wengi katika kikundi chetu, huangukia katikati. Mtu wa kilo 78 akienda kilomita tano kwa mtindo huo anatumia kama kalori 290. Saa na simu zinazohesabu mazoezi mara nyingi huonyesha zaidi, kwa sababu nyingi hujumlisha na zile ambazo mtu angezitumia akiwa amelala kitandani.

Sasa tuitazame roleksi. Kilo moja ya ngano kwa wauzaji wa hapa kwetu hutoa chapati kumi au kumi na moja, kwa hiyo chapati moja ina gramu 90 hivi za unga, ambazo ni kama kalori 330. Mafuta yanayoingia kwenye donge na yanayopakwa wakati wa kuchoma hayapungui gramu 10, nayo ni kalori 90. Kisha muuzaji hupasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, huongeza kitunguu, nyanya na kabichi, hukoroga kwa uma, humimina mafuta mengine kwenye kikaango na kulitandaza yai, halafu huilaza chapati juu yake ili vishikamane kabla ya kuviringishwa. Mayai hayo ni kalori 150 hivi, na mafuta ya mara ya pili ni nyingine 80 au 90. Jumla inafika kama 650. Soda ya chupa ya mililita 300 huongeza takribani 125. Aliyetumia 290 amelipwa 775.

Hesabu hii ni ya kukadiria, na chapati za muuzaji mwingine zinaweza kuwa nyembamba zaidi. Lakini tofauti kati ya kilichotumika na kilicholipwa ni kubwa kiasi kwamba hata ukikosea kwa kalori mia moja jibu halibadiliki.

Nitoe mfano wa mtu mmoja ambaye ameniruhusu nieleze habari zake bila jina. Ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, ambaye kazi yake ni ya kukaa tangu asubuhi hadi jioni. Alijiunga nasi akiwa na kilo 78, akawa anakuja siku nne kwa wiki, na alikuwa haruki hata siku ya mvua. Baada ya miezi miwili mizani ilisoma kilo 79 na nusu. Alikuja kwangu akiwa na huzuni iliyo wazi.

"Mwalimu, nifanye nini zaidi? Niongeze kilomita?"

"Kwanza nieleze, dada, siku ya mazoezi unakula nini tangu uamke."

Alinieleza bila kuficha. Kabla ya kujiunga nasi alikuwa anakunywa chai na maandazi mawili saa tatu asubuhi akiwa kwenye duka lake la ushonaji, anakula chakula cha mchana saa saba, na usiku anakula na familia saa tatu au saa tatu na nusu. Sasa, siku za mazoezi, alikuwa anakula roleksi na soda saa moja na nusu asubuhi kando ya barabara pamoja na wenzake, kisha saa tatu chai na maandazi vilikuwa palepale kama kawaida. Nilipomuuliza kwa nini hakuviacha, alijibu jambo ambalo sikulitarajia: kwamba roleksi hakuihesabu kuwa kifungua kinywa. Ilikuwa ya mazoezi.

Jibu lake lilinifungua macho kuliko vitabu nilivyosoma. Chakula cha zawadi hakiingii kwenye hesabu ya siku. Hakikai mahali pa mlo wowote, na kwa kuwa mtu hakukila kwa njaa, hakiondoi njaa ya baadaye kwa kiasi kinachostahili. Kwa wiki nzima dada huyu alikuwa anatumia kama kalori 1,160 kwenye mazoezi na kuongeza kama 3,100 za roleksi na soda. Ziada ni karibu 1,900. Kwa muda wa miezi miwili hiyo inatosha kumwongezea mtu kilo mbili za mafuta, na kwake ilikuwa pungufu kidogo kwa sababu, kama alivyokumbuka baadaye, siku hizo chakula cha mchana alikuwa anakipunguza.

Hapa ni lazima niweke tahadhari. Si kila ongezeko la mwanzo ni mafuta. Misuli inayoanza kufanya kazi huhifadhi sukari zaidi ndani yake, katika umbo liitwalo glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hushikana na gramu kama tatu za maji. Tena misuli iliyochoka kwa kazi isiyoizoea huvimba kidogo. Mtu anaweza kupanda kilo moja katika wiki mbili za kwanza bila kuongeza mafuta hata kidogo, na ndiyo maana kwa muda huo sipendi watu wapande mizani. Namna ya kutofautisha ni kupima kiuno kwa utepe, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Maji ya misuli hayaongezi kiuno. Kiuno cha dada huyu kilikuwa kimeongezeka, na mizani yake iliendelea kupanda hata baada ya mwezi wa kwanza, kwa hiyo halikuwa suala la maji.

Baadhi ya wenzangu wangemwambia aache roleksi kabisa. Mimi sikubaliani nao. Roleksi ya chapati moja na mayai mawili ina protini kama gramu 20, inashibisha, na ni kifungua kinywa kinachofaa kwa mtu anayefanya kazi. Kosa lilikuwa kwamba ililiwa juu ya kifungua kinywa kingine, ikisindikizwa na soda, katika saa ambayo hamu ilikuwa chini, kwa hiyo haikuzuia chochote. Basi tulibadilisha nafasi yake na saa yake kabla ya kugusa kitu kingine.

Jambo la kwanza lilihusu kikundi kizima. Mwisho wa njia yetu ulikuwa kwenye kituo cha teksi, ambako wauza chapati wamejipanga, na mtu aliyechoka alikuwa anasimama mbele ya sigiri kabla hajapata pumzi. Tuliuhamishia mwisho huo kwenye uwanja wa mpira, ambako hakuna kinachouzwa asubuhi. Pale tunaketi robo saa kwenye nyasi, kila mtu na maji yake, tunanyoosha misuli, na katibu wetu anaandika kwenye daftari kilomita za kila mmoja. Sikutegemea daftari lingekuwa na nguvu kiasi hicho. Watu huomba kuonyeshwa mstari wao, huhesabu kilomita za mwezi uliopita, hupongezana, na hitaji lile la kulipwa palepale hupata pa kwenda. Wapo ambao bado hupita kununua roleksi, lakini wengi hufika nyumbani kwanza.

Jambo la pili lilikuwa la dada mwenyewe. Tulikubaliana kwamba siku ya mazoezi atakuwa na kifungua kinywa kimoja tu, nacho akile nyumbani kiasi cha saa mbili, yaani baada ya muda ule wa hamu kushuka kwisha. Alichagua mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu kimoja cha wastani na chai ya maziwa yenye kijiko kimoja cha sukari, ambavyo kwa pamoja ni kama kalori 420. Siku akitaka roleksi, basi ndiyo kifungua kinywa, bila soda, na maandazi ya saa tatu hayapo. Hakupewa orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Kila alichokila kilitakiwa kuwa na mlo wake.

Ilipofika hapo ndipo njaa ya kweli ilipojitokeza, kwa sababu sasa haikufunikwa na kitu. Wiki ya pili aliniambia kwamba anashinda vizuri hadi saa kumi alasiri, kisha anapatwa na njaa kali inayomfanya akose utulivu kwenye cherehani, na akifika nyumbani anaonja chakula kwenye sufuria kabla hakijaiva. Nilimwambia kwamba hiyo hasa ndiyo njaa ya mazoezi, nayo ni halali yake. Baada ya kukimbia, misuli huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu kwa saa nyingi ili kujaza akiba iliyotumika, na upungufu wa siku moja hujumlishwa na wa siku inayofuata. Ndiyo sababu watu wengi hushangaa kuona kwamba siku wanayosikia njaa zaidi ni ile ya mapumziko, kesho yake.

Kuna utafiti ambao huwa naueleza hapa kwa sababu unawafariji watu kwa ukweli. Mwaka 2008 watafiti wa Leeds, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu 35 wenye uzito mkubwa waliofanyishwa mazoezi chini ya usimamizi kwa wiki 12, mara tano kwa wiki, kila mara kalori 500. Kwa wastani walipungua kilo 3.7. Lakini ndani ya wastani huo alikuwamo aliyepungua kilo 14.7 na alikuwamo aliyeongezeka kilo 1.7, ingawa wote walikamilisha kazi ileile mbele ya wasimamizi. Wale waliopungua kidogo kuliko ilivyotarajiwa njaa yao ilikuwa imepanda na walikuwa wakila zaidi kila siku, wakati wale wengine ulaji wao ulikuwa umeshuka kidogo. Kwa hiyo anayesema mazoezi yanamtia njaa hajitungii. Miili hutofautiana, na wengine njaa yao hupanda kweli.

Mwaka uliofuata watafiti wa kundi hilohilo walieleza jambo la pili ambalo kwangu ndilo lenye manufaa zaidi. Baada ya wiki 12 za mazoezi, watu walikuwa na njaa zaidi kabla ya kula asubuhi, lakini mlo uleule wa kiasi kilekile uliwashibisha vizuri zaidi kuliko mwanzoni. Mazoezi yanaongeza njaa kwa upande mmoja na kuinoa shibe kwa upande mwingine. Mtu anayekula kwa milo, akisubiri njaa ije na kuiacha shibe ifanye kazi yake, hufaidika na pande zote mbili. Anayekula kwa sababu amemaliza kukimbia haipi nafasi shibe hiyo iliyoboreka, maana anakula pasipo kuisikiliza.

Kwa fundi wetu ugumu mkubwa ulikuwa ile nafasi ndefu kati ya mlo wa saa saba mchana na wa saa tatu usiku. Katika nyumba nyingi za hapa chakula cha usiku hupakuliwa kwa kuchelewa, na hupakuliwa kwa wingi: matoke, wali na posho katika sahani moja, mchuzi juu yake. Mtu aliyekaa muda wa saa nane bila kula akikutana na sahani hiyo hawezi kula kwa kiasi, na si haki kumtaka aweze. Tuliweka mlo mdogo wa saa kumi na moja jioni: konzi moja ya karanga za kukaanga, gramu 30 hivi, ambazo ni kama kalori 170, na ndizi mbivu moja ikiwa ipo. Karanga zina protini na mafuta, hukaa tumboni, na zinauzwa hatua chache kutoka kwenye cherehani yake. Usiku akaanza kuomba matoke na mchuzi wa maharagwe tu, na hakuhitaji mtu wa kumkumbusha.

Jambo jingine lilijitokeza kwa bahati, nalo linahusu zawadi ambayo si chakula. Zamani alikuwa anatembea kutoka nyumbani hadi dukani, mwendo wa dakika kama 20. Tangu aanze mazoezi alikuwa anapanda boda boda, kwa hoja kwamba miguu imeshafanya kazi yake ya siku. Safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa mtu wa uzito wake ni zaidi ya kalori 100 zilizokuwa zimepotea kimya kimya. Alirudia kutembea asubuhi, na jioni anapanda akiwa amechoka. Sikumsukuma zaidi ya hapo.

Baada ya miezi mitatu mizani yake ilisoma kilo 78 na kiuno kilikuwa kimepungua sentimita tatu. Wapo watakaosema ni kidogo. Ukiifanya hesabu, ndicho kiasi ambacho kilomita 20 kwa wiki zinaweza kutoa: karibu kalori 1,160, ambazo kwa mwezi ni kama nusu kilo ya mafuta, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Ni vizuri mtu ajue kiasi hicho tangu mwanzo, kwa sababu anayetarajia kilo nne kwa mwezi kutokana na kukimbia pekee ataona nusu kilo kama kushindwa, na mtu anayejiona ameshindwa hutafuta cha kumliwaza.

Nimeeleza haya kwa ajili ya watu wazima wanaofanya mazoezi ya dakika 30 hadi 60 na ambao wangependa uzito upungue. Wapo ambao mambo haya hayawahusu, na kwa baadhi yao yanaweza kuleta madhara. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari asisubiri saa nzima bila kula baada ya kukimbia kabla hajaongea na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka sana, hata usiku wa siku hiyo. Mama anayenyonyesha, kijana anayekua na mtu anayebeba mizigo au kulima mchana kutwa wanapaswa kuifuata njaa yao. Vilevile kuna dalili za kula pungufu ambazo mimi huziuliza waziwazi: hedhi kuruka au kukoma, kuamshwa usiku na njaa, uchovu usioondoka hata baada ya mapumziko ya siku mbili, na maumivu ya mfupa yanayorudi mahali palepale. Mwenye mojawapo ya hizo mimi humwambia aongeze chakula na apunguze kilomita, na apimwe.

Hali ni tofauti pia kwa wale wa kikundi chetu wanaojiandaa kwa mbio ndefu za Kampala mwezi Novemba. Mtu anayekimbia saa mbili Jumapili asubuhi ametumia sehemu kubwa ya akiba ya misuli yake, na kwake kula mapema baada ya kumaliza ni sehemu ya mazoezi: chakula cha wanga pamoja na protini, na roleksi inafaa kabisa. Zaidi ya hayo, kwa mbio zinazovuka dakika 90 mimi humtaka ale akiwa njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ambazo anaweza kuzipata kwa ndizi mbivu moja au mbili na mafunda ya maji yenye sukari. Lakini Jumanne akikimbia kilomita tano kama sisi wengine, anarudi kwenye kifungua kinywa chake cha kawaida, na mstari wake kwenye daftari.